Barua ya kuomba mkopo mkubwa kwa komite ya AVEC yetu: nisaidieni kuipanga

Fundi_Katuba

Salamu wapendwa. Mimi ni fundi wa kushona hapa Katuba, Lubumbashi. Niko katika AVEC, kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana, cha wanachama 24, tuko mzunguko wa tatu, tunakutana kila Jumapili. Riba yetu ni asilimia 5 kila majuma manne. Sheria inasema mtu hakopi zaidi ya mara tatu ya akiba yake, na mkopo haupiti miezi 6. Katikati ya Desemba tunagawana fedha za sanduku.

Akiba yangu ni dola 240. Nimekwisha kukopa mara mbili, dola 150 halafu 200, nikalipa zote. Sasa ninataka dola 900 kwa ajili ya sare za shule, nguo nyeupe na buluu, kwa sababu masomo yanaanza mwanzo wa Septemba. Dola 700 ni za kitambaa, uzi na vifungo, na 200 ni za mashine ya pili. Mkopo mkubwa kuliko yote uliowahi kutoka katika sanduku letu ni dola 450. Mama rais ameniambia nilete barua. Hii ndiyo niliyoandika:

*"Kwa heshima kubwa ninawaandikia wanakomite wapendwa. Ninaomba mkopo wa dola 900 ili nikuze kazi yangu. Mnanijua, mimi ni mwaminifu na nimelipa madeni yangu yote. Maisha yamekuwa magumu, watoto wanataka kusoma, na kazi ya kushona ina faida nzuri. Nitalipa kidogo kidogo hadi nimalize kabla ya kugawana. Ninawashukuru kwa moyo wenu wa huruma."*

Nisomeeni, mniambie kinachopungua.

Jembe_la_Ruashi

Mama, barua muzuri ile. Lakini weka gaji, kitu cha rehani! Wandikie: mashine yangu ni gaji, na karatasi ya parseli, kiwanja chako, pia. Komite ikiona gaji, haitauliza mingi. Mimi ku kikundi chetu njo vile tunafanyaka, na rais anasaini palepale.

Karani_wa_Zamani

Mama Fundi, nimekuwa karani wa AVEC mbili hapa Lubumbashi, na barua za namna hii nimezisoma mbele ya watu mara nyingi. Nitakuambia inavyosikika ikisomwa.

Kwanza, barua unaiandikia komite, lakini mwenye kuamua ni mkutano. Fedha za sandukuni ni za wote 24. Komite inasimamia tu: rais anaongoza, karani anaandika, wahesabu wanahesabu, na mtunza sanduku analiweka. Wenye funguo nao wanafungua mbele ya watu. Rais akisaini peke yake, kama anavyosema ndugu Jembe, siku deni likichelewa watu watasema lilikuwa jambo la wawili. Andika ukijua kwamba karani atasimama na kuisoma kwa sauti, na mama anayeuza makala ya kupikia, aliyeweka akiba ya dola 60, anasikiliza ili ajue kama fedha yake itarudi.

Pili, barua yako inaeleza wewe ni nani. Hilo wanalijua tayari. Wasichokijua ni fedha itatoka wapi, juma gani, na sanduku litabaki na kiasi gani. "Kidogo kidogo" ni neno ambalo mkutano mzima huliogopa.

Tatu, 900 inapita sheria. Mara tatu ya 240 ni 720. Ukiomba wakubali kuvunja sheria, mjadala wote utakuwa juu ya sheria, hakuna atakayezungumza tena juu ya sare. Na ukipewa wewe leo, Jumapili ijayo kuna mwingine anataka vilevile.

Juu ya gaji: mashine usiitoe kabisa. Siku umechelewa, wakikuchukulia mashine wamechukua kitu kilichokuwa kikulipie deni. Karatasi ya parseli kwa dola 900 ni kubwa mno, tena nani katika kikundi ataenda kuuza parseli ya jirani yake? Gaji ambayo kikundi hakiwezi kuiuza haina nguvu.

Nijibu haya: mwaka jana ulishona sare ngapi, uliuza kila moja bei gani, na fedha iliingia lini?

Fundi_Katuba

Aksanti Papa Karani. Nimefungua kaye yangu, daftari la mwaka jana. Nilishona sare 60, peke yangu. Sare ni shati na suruali, au blauzi na sketi. Ninauza dola 12, mtu analipa kwa faranga. Vifaa vyote ni kama dola 7 kwa sare moja.

Juu ya lini: kabla ya masomo kuanza nililipwa sare 25 tu. Majuma mawili matatu ya kwanza ya Septemba zikaja 20 nyingine. Zilizobaki wazazi walilipa Oktoba, na wawili hawajamaliza mpaka leo.

Bukavu_Yetu

Mimi niko Bukavu, huku wengi tuko katika MUSO, sanduku la kijani la mikopo, jekundu la msaada. Dada, kwa nini usiende kwenye koperative au benki ndogo? Dola 900 kwa wao si kitu. Mimi nilichukua kwa ajili ya pikipiki, nikalipa mwaka mzima.

Fundi_Katuba

Ndugu wa Bukavu, sijauliza mahali pa kukopa. Riba ninayolipa sandukuni inarudi kwetu Desemba, na pale hakuna anayeniomba makaratasi nisiyokuwa nayo. Ninataka barua tu.

Karani_wa_Zamani

Ndugu wa Bukavu amegusa jambo moja bila kukusudia: pikipiki aliilipa mwaka mzima. Mashine ya kushona ni vilevile. Kitambaa kinageuka fedha katika majuma machache, lakini mashine inalipa bei yake polepole, labda mwaka. Sanduku lenu linagawanwa Desemba. Ukiweka mashine ndani ya mkopo huu, utailipa kwa fedha ya kitambaa, na kitambaa kitakosa mtaji. Itoe. Tafuta fundi mwenzako mwenye mashine yake, mlipe kwa kila sare anayoshona. Tayari umeshuka hadi 700 na umeingia ndani ya sheria.

Sasa tuzipige hesabu. Dola 700 kwa 7 ni sare 100. Ukiziuza zote ni 1,200. Lakini mwaka jana uliuza 60, na mkutano utauliza: zile 40 nyingine atazinunua nani? Tukifikiri umeuza 60 tu, umepata 720. Deni lenyewe ni 700, weka riba na fundi msaidizi, umeshindwa kulipa huku una kitambaa cha sare 40 kimelala nyumbani. Hapo ndipo mikopo mikubwa inapovunjika. Mtu anauza kama kawaida yake, deni peke yake ndilo limekua.

Kwa hiyo ningekushauri uombe mkopo mmoja unaotolewa mara mbili. Dola 400 mwanzo wa Julai. Dola 300 mwanzo wa Agosti, ikiwa tu kaye ya komandi, yaani oda za wateja, inaonyesha watu wamekwisha kuweka avansi, sehemu ya bei. Watu wasipokuja, hukuchukua zile 300, na 400 unaweza kuilipa kwa sare zilezile unazouza kila mwaka.

Dada_wa_Kenya

Mimi ni mhesabu fedha katika kikundi chetu, karibu na soko la Kenya, hapahapa Lubumbashi. Papa Karani, samahani, hapo kwenye mara mbili sikubali. Kwetu sheria ni kwamba mwenye deni hachukui deni la pili kabla ya kumaliza la kwanza. Mkisema "mkopo mmoja mara mbili", watu wataona ni ujanja wa kupita sheria hiyo.

Karani_wa_Zamani

Dada, una haki, na kwetu ilileta kelele pia. Tulipatana kwamba mkutano unapiga kura mara moja kwa kiasi chote, karani anaandika mstari mmoja katika kitabu wenye tarehe mbili, na fedha ya pili inahesabiwa riba tangu siku inapotoka. Lakini sheria yenu ikikataza wazi, basi inakataza, na njia ni kuomba 400 tu mwaka huu. Mama Fundi aulize kwanza sheria yao inasema nini.

Fundi_Katuba

Nimemuuliza karani wetu. Sheria inakataza "mikopo miwili kwa wakati mmoja", haisemi kitu juu ya mkopo mmoja kutolewa kwa sehemu. Amesema ataliweka mbele ya mkutano, yeye hataki kuamua peke yake.

Mama_Makala

Mimi sijui hesabu zenu zote hizi lakini nina neno. Mama Fundi, unataka fedha Julai na Agosti. Ni wakati uleule sisi wote tunataka kukopa kwa ajili ya shule! Ada ya msingi katika shule za serikali iliondolewa tangu 2019, sawa, lakini kaye, viatu, mfuko, na wale wakubwa walio katika sekondari, nani atalipa? Mwisho wa Agosti sanduku letu linabaki vumbi. Mtu mmoja akichukua 700, sisi tunaenda kwa wakopeshaji wa mtaani ambao riba yao inaua. Kama ningekuwa katika kikundi chako, ningekataa.

Jembe_la_Ruashi

Mama Makala anasema kweli. Basi Mama Fundi, waambie wanachama: mukinipa mukopo, batoto benu nitawashonea bei ya chini. Hapo bote watainua mukono.

Karani_wa_Zamani

Ndugu Jembe, hapana. Bei ya chini utoe kama unataka, lakini usiiandike katika barua ya mkopo. Mwanachama asiye na mtoto wa shule ataona wengine wamenunuliwa, na siku ya kuchelewa wale walioshonewa bei ya chini watakuwa na haya ya kudai.

Neno la Mama Makala ni zito kuliko yote yaliyosemwa hapa. Barua isipolijibu, litasemwa mkutanoni na mtu mwingine, kwa hasira zaidi. Mama Fundi, hesabu ya mwisho iliyosomwa, sandukuni kuna kiasi gani cha kukopesha?

Fundi_Katuba

Jumapili iliyopita walisoma dola 1,500.

Karani_wa_Zamani

Basi andika hivyo. Ukichukua 400, zinabaki 1,100. Na katika sharti la zile 300 ongeza hili: tarehe hiyo wanachama wenye maombi ya shule wahudumiwe kwanza, wewe uchukue kinachobaki. Ukipata 200 badala ya 300, unanunua kitambaa kidogo. Ni gumu kwako, lakini linamjibu Mama Makala kwa vitendo.

Mama_Makala

Hapo ningefikiri upya. Sijasema ningekubali.

Dada_wa_Kenya

Mambo mawili kutoka kwa mtu anayehesabu. Riba: uliza kama inahesabiwa juu ya deni lililobaki au juu ya mkopo wote hadi mwisho. Katika mpango kama wako tofauti inaweza kupita dola 30, na watu wengi wanaijua siku ya kumaliza.

La pili ni faranga. Wateja wanakupa faranga, sanduku linataka dola. Usikusanye faranga majuma manne halafu ukimbilie kwa kambisti, mbadilisha fedha, Jumamosi jioni. Badilisha kila juma, kidogo, uweke dola pembeni. Na ziangalie noti moja moja palepale, mbele ya kambisti, uzielekeze kwenye mwanga, ufuate kingo zote kwa kidole. Noti iliyochanika hata kidogo pembeni, mimi siipokei mezani, kwa sababu hakuna dukani atakayeipokea kutoka kwetu. Nimemrudisha mama mmoja nyumbani na noti ya 50 ambayo alipewa jana yake, na tukamwandika amechelewa. Iliniuma, lakini ningeipokea mzigo ungekuwa wa kikundi.

Fundi_Katuba

Aksanti sana dada. Kwetu riba ni juu ya kilichobaki, nimehakikisha.

Nimepata fundi mwenye mashine yake, tumepatana dola 2 kwa sare. Na wadhamini wawili wamekubali, mmoja ana akiba ya 260, mwingine 220. Hii ndiyo barua mpya:

*"Katuba, tarehe 28 Juni.*

*Kwa mama rais, wanakomite na wanachama wote wa AVEC yetu.*

*Ninaomba mkopo mmoja wa dola 700 kwa ajili ya kununua kitambaa, uzi na vifungo vya sare za shule. Akiba yangu ni dola 240, kwa hiyo ombi liko ndani ya mara tatu. Ninajua ni mkopo mkubwa kuliko yote tuliyowahi kutoa, ndiyo maana ninaeleza kila kitu.*

*Ninaomba fedha zitolewe mara mbili. Dola 400 tarehe 5 Julai. Dola 300 tarehe 2 Agosti, kwa masharti mawili: nionyeshe kaye yenye komandi 30 zilizowekewa avansi, na wanachama wanaokopa kwa ajili ya shule wawe wamehudumiwa kwanza. Masharti yasipotimia, sitachukua sehemu ya pili. Hesabu ya mwisho ilisoma dola 1,500, kwa hiyo baada ya sehemu ya kwanza sanduku linabaki na 1,100.*

*Mwaka jana nilishona sare 60 kwa dola 12. Vifaa vya sare moja ni dola 7. Kwa dola 700 nitapata vifaa vya sare 100. Nitashona 60 mimi mwenyewe, na 40 zitashonwa na fundi mwenye mashine yake, kwa dola 2 kila moja.*

*Nitalipa hivi. Tarehe 2 Agosti, riba peke yake, dola 20. Tarehe 30 Agosti, dola 150 na riba 35, libaki 550. Tarehe 27 Septemba, dola 350 na riba 27.50, libaki 200. Tarehe 25 Oktoba, dola 200 na riba 10, deni liishe, majuma mengi kabla ya kugawana. Agosti ninalipa kidogo kwa sababu wazazi wengi hulipa baada ya masomo kuanza. Riba yote ni dola 92.50.*

*Nikichukua sehemu ya kwanza tu, nitalipa 100 tarehe 30 Agosti, 200 tarehe 27 Septemba na 100 tarehe 25 Oktoba, pamoja na riba ya kila mara. Deni hilo ninaweza kulilipa hata nikiuza sare 57 tu.*

*Akiba yangu yote inashikilia deni hili. Wanachama wawili wamekubali kunidhamini, nao watasaini hapa chini mbele ya mkutano. Ikiwa tarehe moja itanishinda, nitasema Jumapili inayotangulia, nitaleta nilicho nacho, na nitaonyesha kaye ya wateja wanaodaiwa.*

*Kwa heshima, fundi wenu."*

Karani_wa_Zamani

Hii inasomeka. Nimejaribu kuisoma kwa sauti, haichoshi. Nimepiga pia hesabu zako upya, zinakubaliana: 5 kwa mia ya 400 ni 20, ya 700 ni 35, ya 550 ni 27.50, ya 200 ni 10.

Nina neno moja. Wadhamini wako waelezwe kabla ya kusaini kwamba mpaka Oktoba akiba yao iko nyuma ya deni lako, na katika vikundi vingine hilo linawapunguzia nafasi ya kukopa wao wenyewe. Mdhamini anayeligundua Septemba, wakati naye anatafuta fedha ya viatu vya watoto, anakuwa adui.

Bukavu_Yetu

Swali kutoka kwangu: kama shule zenyewe zikiamua kuuza sare? Huku shule nyingine za binafsi zinakataa sare ya mtaani, wanataka ya kwao yenye alama.

Fundi_Katuba

Za binafsi sishonei. Zangu ni zile shule zinazovaa nyeupe na buluu ya kawaida, mtoto akihama shule sare inaendelea. Ndiyo maana kitambaa kikibaki hakifi, lakini kitauzwa polepole hadi mwaka mwingine, na sanduku halingojei mwaka mwingine.

Dada_wa_Kenya

Hilo ndilo linalonifanya nipende zile komandi 30. Ila mimi ningetaka avansi iandikwe kiasi. Mtu aliyeweka faranga za soda hajatoa komandi.

Fundi_Katuba

Nimeongeza: avansi isiwe chini ya theluthi ya bei, dola 4.

Jembe_la_Ruashi

Dola 4 ni mingi kwa muzazi mwezi wa munane, mama. Hautafika 30.

Karani_wa_Zamani

Usipofika, usichukue: ndivyo barua inavyosema. Lakini Jembe anaujua mtaa wake, labda 30 kwa dola 4 ni nyingi kweli kabla ya tarehe 2 Agosti. Mama Fundi, ungeanza kuandikisha wateja sasa hivi, hata kabla ya mkutano, usingoje kitambaa.

Fundi_Katuba

Narudi kuwapa habari. Jana ilisomwa. Maswali yalikuwa mengi, lile la Mama Makala liliulizwa la kwanza kabisa na karani akasoma tena mstari wa masharti. Dola 400 zimekubaliwa na nimezipokea, noti zote nimezipitisha kwenye mwanga. Juu ya kutoa mara mbili hawakupatana. Wengine wanasema ni deni la pili, wengine hapana, na wameliacha hadi mkutano wa tarehe 2 Agosti. Kaye ya komandi ina majina 11, saba kati yao wameweka dola 4.

Mama_Makala

Hao wanne waliobaki wafuate kabla ya mwisho wa mwezi, mama, siku mshahara unapoingia. Baada ya hapo utawakuta hawana kitu.